Mpiga Picha wa Nyumbani

Siku baba alipofariki, hata machozi hayajakauka, mtu aliomba picha yake ya kuweka mezani, na nyumba nzima ikapinduliwa juu chini. Wakafungua makabati, wakapekua masanduku, wakakung'uta hata madaftari ya zamani ya shule. Baba alikuwa mtu wa kukwepa kamera kama anayekwepa mdai. Kilichopatikana ni kitambulisho chake tu.

Dada, kifungua mimba wa nyumba ile na fundi cherehani kwa kazi, alikipeleka studio. Mwenye studio, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Picha, alikitazama kwa muda mrefu.

"Nitaikuza, dada yangu. Ila nisikufiche: siwezi kuongeza kisichokuwemo."

Kweli hakuongeza. Picha iliyotoka ilikuwa na ukungu usoni, na alama ya mhuri imepita begani. Ndiyo iliyowekwa mezani siku ya mazishi, na ndiyo iliyoning'inia juu ya cherehani tangu hapo. Dada akiinua macho kutunga uzi, anaona mhuri kwanza, baba baadaye.

Mwaka na miezi minne ikapita, mdogo wake akachumbiwa. Ndoa ingefungwa kwa msajili, na mama ndiye angesimama shahidi wa bibi harusi mahali pa baba. Wakati huo mama alikuwa ameanza kuugua figo. Vidole vimevimba, kalamu haishiki sawasawa, kwa hiyo msajili alikubali aweke dole gumba. Katika sherehe yote, keki na maua na magari, Dada alitaka picha moja tu: mama ameinama juu ya kitabu cha ndoa cha msajili, akiweka dole lake. Hizo nyingine zikipatikana, heri.

Alirudi kwa Fundi Picha, akatajiwa bei. Ilikuwa sawa na kushona magauni kumi na mawili.

"Mbona hivyo, kwani utatupiga picha au utatujengea?"

Fundi Picha akacheka. "Nakuja na kamera mbili na msaidizi. Kila picha inaingia kwenye kadi mbili za kumbukumbu kwa pamoja, moja ikiharibika nyingine ipo. Siku moja kabla naenda ofisi ya msajili kuangalia mwanga unaingilia wapi. Wewe unaniandikia watu wako wa lazima. Nusu unalipa sasa kama amana, na ukiahirisha dakika za mwisho hairudi."

Dada akaomba siku tatu za kufikiri.

Siku ya pili shangazi, dada yake marehemu baba, akatia timu bila hodi. Habari ilishamfikia, kama zilivyomfikia habari zote.

"Nasikia mnamtafuta mtu wa nje," alisema, mkoba ungali begani. "Na kijana wangu mnamwona nani? Ana kamera ambayo huyo Fundi wenu ataiota ndotoni!"

"Shangazi, hatujaamua."

"Mnaamua nini? Damu ya nyumbani ipo, mnakwenda kumnenepesha mgeni. Kaka yangu angekuwa hai, angeniuliza kwanza."

Kaka yangu angekuwa hai. Neno hilo shangazi alilitumia kama chumvi, kila chungu alitia. Lakini kuhusu kijana hakudanganya. Jicho, kama alivyoitwa na ukoo mzima, alikuwa na kipaji. Picha za Fundi Picha zilikuwa safi, watu wamepangwa kama vikombe kabatini. Picha za Jicho zilipumua. Alikuwa amempiga picha mdogo wake Dada akicheka huku amejifunika mdomo, nawe ukaisikia ile sauti.

Dada akampigia simu.

"Kamera yako inaingia kadi mbili?"

"Moja, dada. Lakini nitanunua mpya."

"Betri?"

"Tatu."

"Na kamera ikigoma?"

"Naazima ya rafiki yangu. Dada, mbona unanihoji kama polisi? Mama yako si mama yangu?"

Jibu hilo lilimlainisha. Siku ya tatu hakwenda studio. Fedha za amana zikaenda kwenye viti na maturubai, na wasiwasi ukabaki naye, akiushona pindo kwa pindo pamoja na gauni la bibi harusi.

Siku yenyewe ofisi ya msajili ilikuwa ndogo: meza, viti viwili vya maharusi, benchi la mashahidi. Nje wamepanga foleni maharusi wa ndoa nne. Jicho alifika mapema kuliko wote. Dada akamhesabia betri mkononi, akaiona kadi mpya ikiingia, akamwonyesha mahali mama atakapoinama. Jicho akajaribu picha mbili kutoka dirishani, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Kwa mara ya kwanza wiki ile, Dada akapumua mpaka tumboni.

Ndipo simu ya Jicho ikalia. Alikuwa shangazi. Gari aliloahidiwa halijamfikia, yuko kando ya barabara na viatu vyake vya visigino, na ndoa ya mtoto wa kaka yake haiwezi kufungwa bila yeye.

Jicho akamtazama Dada. "Mama anasema nimfuate. Ni dakika kumi, kwenda na kurudi."

Mbele yao ilibaki ndoa moja tu. Dada akamwona akilini shangazi akiilalamikia siku hii mpaka kaburini. Akasema, "Nenda. Kimbia."

Ndoa iliyotangulia haikufika hata dakika sita. Shahidi wao mmoja alisahau kitambulisho, msajili akawatoa. "Wanaofuata!" Dada akaomba wasubiri kidogo. Msajili akamwonyesha foleni kwa kalamu yake.

Maharusi wakaapa. Dada anatazama mlango. Wakavishana pete. Mlango. Mama akainuliwa kutoka kwenye benchi, naye Dada ndiye aliyemshika kiwiko, maana hakuna mwingine aliyejua ni upande upi unaouma. Simu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba kwenye kiti, na mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya mkono wa mama. Mama akainama. Dole likaingia kwenye wino, likatua kitabuni, likakandamizwa. Kitabu kikafungwa.

Walipotoka ngazini, gari la Jicho likasimama kwa breki. Shangazi akashuka akirekebisha kitambaa. "Mmeanza bila mimi?"

Jicho hakumsikia. Aliuona uso wa Dada, na wake ukabadilika.

"Mama," alimwambia mama yake Dada kwa sauti ya chini, "turudie hapa nje. Nitaomba wino. Weka dole kwenye karatasi yoyote, haitajulikana."

"Nitajua mimi," mama akasema. "Nimeshaozesha. Siozeshi mara mbili kwa sababu ya kamera. Mimi nilikuwepo, wewe ndiye hukuwepo."

Alisema huku anasugua dole lenye wino kwa leso, mkali, jicho moja limefinywa kwa jua. Jicho akainua kamera, akapiga mara moja tu, kisha akaishusha na kulia mbele za watu.

Dada hakumgombeza. Betri alizihesabu, kadi aliikagua, na aliyemtuma ni yeye. Angekuwa Fundi Picha, Dada asingethubutu kumtuma amfuate mtu.

Picha ya mama na leso iko juu ya cherehani, kando ya baba. Ya kitabuni haipo. Mdogo wao wa kiume, kitinda mimba, anaoa mwezi ujao, na amana iko kwa Fundi Picha tangu wiki iliyopita. Mama anakwenda kusafishwa damu Jumanne na Ijumaa. Jicho ndiye anayempeleka, na hajawahi kuchelewa.