Ubao wa "Nimekuwekea"

Filomena aliposikia wifi yake akimtajia mchoraji wa mabango jina la duka, alijiona kama mtu aliyevuliwa kitenge mbele ya hadhara.

"Nimekuwekea," alisema Clara. "Andika hivyo hivyo, Anselmo. Neno moja, herufi kubwa."

Anselmo, ambaye alikuwa ameuegemeza ubao mpya kwenye ukuta wa fremu yao ya duka, alilirudia neno lile polepole, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hili limekaa, dada Clara. Mpita njia akilisoma ataona ni yeye aliyewekewa. Umelitoa wapi?"

"Aa, limenijia tu," Clara akajibu huku akicheka.

Limemjia tu! Filomena alikuwa ameinama juu ya pasi, wala hakuinua uso, lakini moyoni aliingiwa na donge. Kwa miaka kumi na saba, tangu enzi za meza yake ya Gongo la Mboto, neno hilo lilikuwa lake. Kila alfajiri ya siku ya kufungua belo la mitumba alikuwa soko la Karume kabla jua halijatoka, akisukumana na wanawake wenzake ili apate kuchagua wa kwanza. Huko hakununua nguo tu, bali aliwakumbuka watu. Gauni hili litamfaa karani wa posta, sketi hii itamfaa mke wa katekista. Nyumbani aliifua nguo, akaipiga pasi, akabandika kikaratasi chenye jina la mteja na kuitia kapuni. Mteja alipofika mezani aliambiwa neno moja tu: nimekuwekea.

Clara, mdogo wa mwisho wa mume wake Leodegar, aliingia katika biashara hiyo mwaka jana. Kazi yake ilikuwa kuzipiga nguo picha, kuzitangaza kwenye simu na kupokea wateja. Kwa haki kabisa, ni yeye aliyewaletea wateja wengi hata wakaweza kupanga fremu hapa Segerea. Lakini sifa zote zilimwendea yeye. "Dada Clara ana jicho jamani!" wateja waliandika, naye aliwajibu kwa kuwatumia picha za mioyo. Hakuna hata siku moja alipowaambia kwamba jicho lile lilikuwa la mwanamke mwingine, aliyekuwa uani akishona vifungo.

"Jina gani hilo?" Filomena akasema hatimaye. "Kama mtu aliyeanza kusema akazibwa mdomo. Watu watauliza, umeniwekea nini?"

"Ndicho ninachotaka, wifi. Waulize, halafu waingie ndani waone."

"Na chini yake utaandika nini?"

"Hapo ndipo nimekwama. Nataka maneno machache, mtu ajue nguo zetu hazikuzolewa tu. Tufikirie. Ngoja nikafuate henga za kutundikia nguo pale sokoni."

Clara alipokwisha kuondoka, Filomena alifanya jambo ambalo baadaye aliliungama mbele ya padri. Alilivuta kapu lililokuwa nyuma ya pazia, akabandua vikaratasi vyote vya majina, akavikunja na kuvitupa. Nguo zilizowekwa kwa ajili ya watu akazitundika pamoja na zile za kila mtu. Ikiwa neno lile limekuwa la Clara, alijisemea, basi Clara mwenyewe na awawekee watu nguo.

Kisha akamgeukia mchoraji. "Anselmo, futa. Andika Filomena Fasheni. Chini yake, Mitumba Bora, Bei Poa."

"Mama, dada Clara alisema..."

"Hii kodi ya fremu ameilipa Clara peke yake?"

Anselmo hakubisha. Kwa desturi yake huchora kwanza kwa chaki, rangi huja mwisho baada ya wenye duka kukubaliana. Aliyajua mabadiliko ya mioyo ya wateja wake. Alifuta akaandika upya, na Filomena akasimama barabarani kulitazama jina lake. Lilikuwa kubwa na limenyooka. Alishangaa kwamba halikumpa raha aliyoitarajia.

Hazikupita dakika nyingi akafika Mwalimu Naima, mteja aliyekuja kupitia matangazo ya simu, ambaye Filomena alizoea kumsikia kutoka uani akieleza anachopenda. Aliusoma ubao, akaingia, akapitisha mkono kwenye nguo zilizotundikwa hadi alipoifikia blauzi ya kitani, ya kijani iliyokoza.

"Hii bei gani, mama Filomena?"

Alipotajiwa, Mwalimu alicheka. "Weee! Si mtumba huu? Nyie wenyewe mmeandika hapo nje, bei poa. Nipunguzie bwana."

Filomena alihisi uso ukimwaka. Blauzi ile aliing'ang'ania Karume mikononi mwa wanawake wawili. Kifungo chake cha tatu alikitafuta juma zima ili kifanane na wenzake. Hadi asubuhi ile ilikuwa kapuni, na kikaratasi chake kiliandikwa Naima. Sasa mwenyewe aliishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa.

Wakati huo huo Clara aliingia na fungu la henga begani. Alikuwa ameuona ubao. Alisimama mlangoni, akimtazama wifi yake.

Mwalimu Naima alikuwa tayari anairudisha blauzi.

"Mwalimu," Filomena akasema, na sauti yake ikamtoka kabla hajaiamuru, "hiyo nilikuwekea wewe. Niliiona alfajiri belo lilipofunguliwa, nikakumbuka kwamba hupendi kola pana, na kwamba mikono mirefu inakusumbua ukiandika ubaoni."

Mkono wa Mwalimu ukasita. "Mie? Uliniwekea mie?"

"Wewe."

Mwalimu akaitazama blauzi kwa macho mengine. Akaanza kuigeuza akague makwapa, lakini Filomena akamzuia kwa ukali wa mtu aliyetiliwa shaka. "Usijisumbue. Nimeikagua ndani kabla wewe hujaiona nje. Makwapa, mishono, pindo, yote."

"Haya, nifungie," akasema Mwalimu, wala hakukumbuka tena habari ya kupunguziwa.

Clara aliziacha henga zikaanguka. "Wifi! Rudia hayo. Imekaguliwa ndani kabla hujaiona nje! Anselmo, ndiyo maneno yetu hayo, andika..."

"Asiandike!"

Anselmo akaushusha mkono wenye chaki. Filomena alikuwa amekunja ngumi kama msichana wa darasa la tatu, akajua hivyo, asiikunjue.

"Hilo hulichukui hivi hivi kama ulivyolichukua la kwanza," akasema. "Limekujia tu, eti! Lilikujia kutoka wapi, Clara? Sema. Mwalimu asikie."

Clara aliinama, akaanza kuokota henga moja moja.

"Lilitoka kwako," akasema. "Nilikusikia ukiwaambia wateja, nikaona ni zuri kuliko yote niliyoyafikiria. Nikaona haya kumwambia Anselmo kwamba mie sikufikiri kitu. Hata zile sifa za jicho... Nisamehe, wifi."

"Kumbe!" akasema Mwalimu Naima. "Siku zote nilidhani anayechagua ni huyu wa kwenye simu."

Filomena aliichukua blauzi, akaikunja polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwambia Anselmo afute chaki, aandike Nimekuwekea, na chini yake Imekaguliwa ndani kabla hujaiona nje, na kwamba sasa aweza kutia rangi.

Alipomkabidhi Mwalimu mfuko wake, alitegemea kuona donge lile limeshuka. Lilikuwa limepungua, lakini halikwisha. Akaketi kuviandika upya vile vikaratasi, na kila kivuli kilipopita mlangoni aliinua kichwa, akitamani mteja mwingine aingie, aulize jina lilitoka wapi, ili Clara alazimike kusema tena.