Kandambili Kwenye Picha ya Pili

Ofisini walimwita Nukta kwa sababu sentensi zake ziliisha mapema, kabla msomaji hajapiga miayo. Kazi yake ilikuwa kuandika posti za picha za kutelezesha, zile ambazo mtu akiziona kwenye simu anasukuma ya kwanza kushoto ili aone ya pili, kisha ya tatu, hadi mwisho, kama moyo wake utapenda. Moyo wa watu haukupenda. Mwezi mzima walikuwa wanaipita picha ya kwanza bila hata kupunguza mwendo, na hiyo ya kwanza ikishapitwa, zilizo nyuma yake ni kama hazipo duniani.

Mteja aliyeumia zaidi alikuwa Mwenye Matangi, mzee mmoja mpole aliyekuwa na kampuni ya kuosha matangi ya maji. Jumatatu alipiga simu, akasema kwa upole uleule kwamba Alhamisi angekuja kuona posti mpya. Ikiwa kama zile za zamani, basi, tuagane kwa heri.

Mkuu wa ofisi aliweka simu chini akamgeukia Nukta. "Umesikia. Matangi wakiondoka, mimi sina kazi nyingine ya kukupa. Nitakuwa nakulipa unitazame?"

Nukta alisikia. Alikuwa akiishi kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, na ni mshahara huo uliowaweka wote wawili mjini.

Posti za zamani alikuwa ameziandika yeye, ndiyo, lakini picha ya kwanza, ambayo ofisini waliiita jalada, Mkuu hakumwachia mtu. Jalada la mwisho lilikuwa na nembo ya kampuni juu, namba tatu za simu chini, familia ya watu wenye meno meupe mno wakiinua glasi za maji, na katikati maneno haya: "Tunayo Furaha Kuwaletea Elimu Kuhusu Umuhimu wa Kusafisha Tangi la Maji." Mkuu alilikagua kwenye televisheni kubwa ya ukutani, mikono nyuma kama mtu anayekagua gwaride. Kwenye televisheni hata risiti ya sabuni ingependeza. Kwenye simu, maneno yale yalikuwa mchwa.

"Kizuri chajiuza," Mkuu alipenda kusema, na hakuwahi kufika kwenye nusu ya pili ya methali, ile ya kibaya kujitembeza, ambayo ndiyo iliyomhusu.

Jioni ile Nukta aliamua kumtumia shangazi yake. Shangazi alikuwa na kidole gumba chenye dharau kuliko vyote alivyopata kuviona. Kilipita juu ya habari za mawaziri, maua, mapishi na mafuriko kwa kasi ileile. Nukta alichomeka majalada yake katikati ya picha za harusi ya binamu yake, akampa simu, akakaa pembeni akijifanya anachambua mchele.

Lile jalada la furaha kubwa lilipita kama upepo.

"Shangazi, hapo katikati umeona nini?"

"Tangazo."

"Linasema nini?"

"Linasema ni tangazo. Huyu bibi harusi kapaka nini usoni?"

Likafuata jingine: "Maji ni Uhai." Kidole hakikusimama, na kwa nini kisimame? Hakuna aliyewahi kubisha. Likafuata moja ambalo Mkuu mwenyewe alikuwa amelitunga mchana baada ya kupandwa na hofu: "MAJI YAKO YANAKUUA!!!" Hapo Shangazi alisimama, akasukuma kushoto upesi, akakuta ushauri wa kuosha tangi mara mbili kwa mwaka.

"Mwongo huyu," alisema, akarudisha simu mezani. "Kanitisha bure. Nikimwona tena simfungulii."

Nukta aliyatia maneno hayo moyoni. Kumbe kumsimamisha mtu ni nusu ya kazi. Ukimsimamisha kwa kelele na ndani huna kitu, umemwibia, naye hasahau. Akajaribu la mwisho: "Tangi lako lilifunguliwa lini mara ya mwisho?" Kidole kilisita. Shangazi alitazama dari kidogo, kama mwanafunzi aliyeulizwa asichosoma.

"Halinihusu," akaamua. "Maji yangu masafi." Akapita.

Ilikuwa afadhali. Swali lilimgusa mtu mwenyewe, halikuanza na kampuni na furaha zake. Lakini swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa neno moja linampa ruhusa ya kuondoka. Nukta alitaka jambo ambalo mtu hawezi kulijibu mpaka aone picha ya pili.

Kesho yake alimwambia Mchoraji, mwenzake wa kupanga picha, kwamba amechoka na ile familia ya meno. Anataka tangi la kweli. Mchoraji alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja. Alionyesha juu kwa kidole. Ofisi ilikuwa na tangi lake kwenye paa, na katika mwaka wote wa kuhubiri usafi wa matangi hakuna aliyewahi kulipandia. Mganga hajigangi.

Walipanda. Mfuniko ulikuwa umepasuka, upande mmoja umefungwa kwa waya. Mchoraji alishika kamera, Nukta akainua mfuniko, wote wawili wakachungulia.

Chini kulikuwa na tope la kijani lililotulia kwa amani ya wenye nyumba. Juu ya maji ilielea kandambili. Moja, ya mguu wa kushoto, kisigino kimelika. Nani alifika pale juu na viatu viwili akashuka na kimoja, halikupata kujulikana.

"Chai," alisema Mchoraji.

Nukta alikuwa akinywa vikombe vitatu kwa siku, vya maji ya tangi hili. Alitaka kutapika, na wakati huohuo, Mungu amsamehe, alitaka kucheka, kwa maana sentensi ilikuwa imeshakuja yenyewe.

Mchana posti ilikuwa tayari. Jaladani hakukuwa na nembo wala namba ya simu. Kulikuwa na mkono ulioinua mfuniko nusu, ndani giza, na maneno makubwa ambayo hata mwenye miwani iliyovunjika angeyasoma: "Tumekunywa chai ya tangi hili mwaka mzima. Wiki hii tukalifungua." Mchoraji alitaka kandambili ionekane palepale mbele. Nukta alikataa. Ikionekana mbele, mtu ataicheka na kuendelea na safari yake. Waliiweka picha ya pili, peke yake, bila neno. Ya tatu ilieleza mfuniko uliopasuka unaingiza nini, ya nne namna ya kukagua tangi lako bila fundi, na kampuni ikajitaja mwisho kabisa, kama mgeni mwenye adabu.

Mkuu aliisoma akabadilika rangi. "Unataka kunivua nguo mbele ya mteja? Mtu anatulipa tumtangazie usafi, sisi tumwambie tunakunywa viatu?"

"Kimoja tu, Mkuu. Tena ni kweli."

"Andika ni tangi la jirani."

"Jirani hana tangi."

"Basi iache." Akaketi mwenyewe kwenye kompyuta, na hadi Alhamisi akawa amezaa jalada jipya: "Je, Wajua? Mambo Kumi Muhimu Kuhusu Tangi Lako." Nembo ilirudi. Familia ya meno ilirudi. Nukta alilitazama, akaanza kufikiria namna ya kumweleza Shangazi kwamba warudi kwao.

Mwenye Matangi alifika mapema. Mkuu alimketisha mbele ya televisheni na, kwa mazoea ya ukarimu, amesahau paa, akaagiza chai. Kikombe kililetwa kikifuka moshi. Nukta na Mchoraji walitazamana. Tangu wapande paa walikuwa wakinywa maji ya chupa kwa siri, na kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake aibu ya kuwaambia wengine.

"Nzuri," mzee alisema mbele ya "Je, Wajua?", kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo zake. "Nzuri sana. Ila mimi naona ni zilezile." Akainua kikombe.

Nukta akasimama. "Mzee, wateja wako hawana televisheni mkononi. Hebu itazame kwenye simu, kama wao." Akampa simu yake, yenye jalada lake. Mkuu alikohoa kikohozi cha kufukuza kazi.

Kikombe kilikuwa nusu ya safari kwenda mdomoni. Mzee alisoma. Kikombe kilisimama hewani. Kidole gumba cha mkono wa pili kikasukuma kushoto, na kandambili ikatokea.

Alikiweka kikombe kwenye sahani yake taratibu, kama kinachoweza kulipuka. Akasukuma ya tatu, ya nne, hadi mwisho akakuta jina la kampuni yake mwenyewe, akalitazama kama analiona mara ya kwanza.

"Hili tangi ni la nani?"

"La jirani," alisema Mkuu.

"La humu, mzee," alisema Nukta. "Liko juu ya kichwa chako."

"Na hii chai?"

"Samahani. Ningesema ulipoletewa."

Mzee alikisogeza kikombe kwa kidole kimoja hadi mbele ya Mkuu, kikasimama hapo. "Mwaka mzima nawalipa mniandikie watu waoshe matangi," alisema kwa upole uleule, "na nyinyi wenyewe hamkuniamini. Sasa watu wataniaminije?" Akamgeukia Nukta. "Iende hivyohivyo. Wakibadilisha hata neno, naondoka. Na vijana wangu watakuja kesho kuosha la hapa, kwa bei ya kila mtu."

Posti iliingia hewani adhuhuri. Saa kumi Mkuu alikuwa akimweleza mteja mwingine kwenye simu kuhusu "ile sentensi tuliyoitunga," na Nukta alimwachia, maana mshahara ulikuwa umepona.

Alipofika nyumbani Shangazi alikuwa kwenye kochi, kidole kikipita juu ya dunia kama kawaida. Nukta alivua viatu mlangoni, akasimama palepale, maana kidole kilikuwa kimesimama. Kikasukuma kushoto. Shangazi aliguna. Kikasukuma tena, na tena, bila papara.

Shangazi aliinuka, akabeba kigoda, akatoka uani bila hata kuitikia salamu. Nukta alimfuata akamshikia kigoda. Shangazi alipanda, akainua mfuniko wa tangi lake la maji masafi, akachungulia muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Nani kaandika kile kitu?" aliuliza, uso bado ndani ya tangi.

"Mimi, Shangazi."

Mfuniko ulirudishwa polepole.

"Ile birika ya jikoni," alisema Shangazi akishuka, "mwaga. Na usimwambie mtu."