Jina Linalotangulia

Kahambu aliulizwa swali ambalo hata mlevi angelijibu: mwanao anaitwa nani? Akasema, "Bénit." Papo hapo akauma mdomo. "Hapana, Achille! Achille!"

Maji yalikwisha kumwagika. Asanasio, mkuu wa ofisi hiyo ya Bwera inayorudisha watoto waliopotezana na wazazi, aliweka kalamu chini. Mtoto mwenyewe alikuwa kijijini Kasenyi, kwa Rusi muuza samaki, tangu watu walipokimbia vita kutoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Mwanamke mmoja mwongo alikuwa amejaribu tayari kumchukua.

"Heri kujikwaa dole kuliko ulimi," alisema Asanasio. "Mama gani nakosea jina ya mtoto wake?"

"Bénit njo mukubwa yabo, mutoto wangu ya kwanza, nilimuzika kule Beni. Kuko Thembo, halafu Achille." Kahambu alishika kiti chake kwa mikono yote miwili. "Mi siondoke hapa bila mutoto."

Biira, msaidizi wa Asanasio, alimwamini, na ilimuudhi kwamba kumwamini hakutoshi. Alikuwa amesikiliza akina mama wengi. Majina ya watoto wa nyumba moja hulala kitanda kimoja kichwani. Ukimwamsha mmoja, wenzake nao hugeuka, na mwenye mbio hutangulia mdomoni. Aliyekariri jina moja tu hana wa kumchanganya naye.

"Nani alimusimamia ubatizo?" aliuliza. Achille alikuwa ameshamtaja mtu huyo.

Kahambu alifumba macho. "Minamujua! Mwanamuke murefu, anashonaka nguo. Jina inaanza na E... Evas. Hapana, si Evas! Iko ndefu kuliko ile. Iko hapa ku ulimi, dada!"

Biira alitamani kumtupia "Eme" tu. Pengine ingetosha: mtu alikwisha kupatikana, sauti za jina lake ndizo zilizokwama, na Evas amejaa mlangoni. Lakini jina la kupewa si ushahidi.

"Wacha Evas ipite kwanza," alisema. "Achille napenda kula nini?"

"Sombe, ile majani ya muhogo. Hata ya jana. Anakula na mikono mbili, ninamugombeza, anacheka tu..." Kahambu aliruka. "Emérance! Emérance!"

"Labda aliambiwa," alisema Asanasio, ingawa ukali ulikuwa umempungua.

Biira alimpigia Rusi simu, akaomba aongee na mtoto, akafungulia sauti ili wote wasikie. Katika swali lake hakutia jina hata moja. "Nyumbani, mama yako nakuita namna gani?"

"Anaanza Bénit," ilijibu sauti ndogo. "Kiisha Thembo. Nikinyamaza, njo anasema Achille."

Asanasio aliisukuma simu mbele ya Kahambu. Kahambu aliinyakua, akavuta pumzi, akajikaza kwa nguvu zote asikosee tena.

"Bénit!" alilia.

"Niko, mama," alisema Achille.