Namba Mbili ya Wahu

Wahu alikuwa ameokota karatasi ya kura yenye namba mbili, na tangu hapo hakuelewa kwa nini Jeruto alimwandama. Chama chao cha Kimumu kilikuwa na wanawake kumi. Kila mwezi kila mmoja alitoa elfu tano, na mmoja akabeba elfu hamsini. Zamu ya Wahu ilikuwa Novemba. Jeruto, muuza mahindi, alikuwa wa kumi, Julai.

"Tubadilishane zamu, Mama Kim," Jeruto alimwambia Wahu kabla ya mkutano kuanza. "Nikuongeze elfu nne juu."

Wahu alikuwa fundi wa sare za shule. Alitaka mashine ya kushonea kingo, maana kila mwezi alimlipa jirani elfu moja mia tano kwa kazi hiyo. Lakini elfu nne za bure zilimchanganya.

"Hamsini ni hamsini," alisema. "Mbona ulipe?"

"Kwa sababu Novemba hii hamsini ni magunia ishirini ya mahindi kule Soy. Mwaka huu Julai gunia lilifika elfu tatu mia tano. Likifika hapo tena, nitapata kumi na manne."

"Na mimi nikipokea sasa, si nitakuwa na deni miezi minane?"

Lynette, mweka hazina, aliinua macho kutoka daftarini. "Ni deni lisilo na riba, Wahu. Umetoa kumi, unabeba hamsini. Arobaini ni zetu. Wa mwisho ndiye anayetukopesha, bure."

"Kumbe mimi ndiye benki," alisema Jeruto. "Benki inayouza mahindi."

Wahu alijaribu kupanga. Miaka yote aliamini wa mwisho ndiye mwenye akiba na wa kwanza ndiye mdaiwa, kwa hiyo wa mwisho ameshinda. Sasa hesabu ilikuwa imesimama kwa kichwa. Alizidisha elfu moja mia tano mara nane, akapata elfu kumi na mbili. Akarudia, asije akawa amekosea. Hiyo ndiyo angemlipa jirani akingoja Julai, na muuzaji wa mashine alishasema mzigo ujao utapanda bei.

"Sibadilishi," alisema.

"Hata kwa elfu sita?"

"Hata sita."

Jeruto alihesabu noti zake tano, akaziweka mezani. Lynette akazichanganya na nyingine, akamkabidhi Wahu. Wahu alizishika akitafuta ni wapi alipomdhulumu mwenzake. Hakupaona, wala hakuwa na hakika kwamba hapakuwapo.

"Basi mzunguko ujao ugeuzwe," alisema Jeruto. "Wa kumi awe wa kwanza."

Lynette aliomba kura. Mkono wa Wahu ulikuwa wa kwanza kupanda. Ukiwa bado juu, alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa pili: kumi awe wa kwanza, tisa awe wa pili. Alipofika kwake ilikuwa ya tisa. Alijiuliza ni elfu ngapi atakazopoteza kwa kungoja hivyo, asijue, lakini hakuushusha mkono.