"Na na" ya Wasifu

Wamae alifungua kijitabu cha mazishi ya baba yao mlangoni mwa kanisa la Gatitu, akasoma, kisha akakifunga.

"Murugi, jina yangu haiko."

Dada yake alikinyakua. Yeye ndiye aliyeandika wasifu na kuupeleka kuchapishwa Nyeri mjini. Ilikuwa imeandikwa: *Ameacha watoto watatu, Murugi na na Shiku.*

"Nilikuandika katikati, halafu nikaona wewe ndiye kifungua mimba, uanze. Nikalikata jina nilihamishe mbele, simu ikalia. Sikulirudisha."

"Baba alisema mimi si mtoto wake. Sasa mmechapisha."

"Angalia hizi *na* mbili! Ningetaka kukutoa, si ningetoa na moja? Wewe ulikuwa hapa, kati ya hizi mbili."

"Na hukusoma tena?"

"Nilisoma, Wamae. Nilijua umo, macho yakapita tu. Kompyuta nayo haijui Kiswahili, ilipigia kila neno mstari mwekundu."

Wamae aliokota begi lake. Ndani ya kanisa, watu walikuwa wameketi, kila mmoja na kijitabu mkononi.

Murugi aliomba kalamu, akaanza benchi ya mbele. "Samahani mama, niazime kidogo." Akaandika *Wamae* kwa herufi ndogo juu ya zile *na*, akaenda kwa mwingine, machozi yakilowesha karatasi. Kwaya ilianza kuimba kabla hajafika katikati ya kanisa.

Alipogeuka, kaka yake alikuwa ameketi benchi ya mwisho, begi mapajani.