Sato Walioshuka Mtoni

Mama Oktavia alipolazwa hospitali ya Ikonda, aliniachia bwawa lake la samaki na kikombe cha kupimia chakula. Ni mama yangu mdogo, mjane, na bwawa lile ndilo linalomlisha. "Vikombe viwili asubuhi, viwili jioni," alisema. Hiyo ilikuwa Machi, kukiwa na joto kidogo.

Juni ikaingia na baridi yake. Sato wakaanza kuacha chakula. Nikawaangalia siku mbili, nikasema labda hawakipendi. Kwetu mgeni akibakiza hatumwondolei sahani, tunambembeleza. Basi nikaongeza dagaa wa kusaga kwenye pumba na mashudu ili kinukie vizuri. Nao wakazidi kubakiza, na mimi nikazidi kubembeleza.

Asubuhi ya siku ya sita nikawakuta wote juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Chakula kilichozama kilikuwa kimeoza huko chini. Nikakimbilia bomba la kutolea maji, nikalifungua. Maji hayakutoka, wavu wa kuzuia samaki mdomoni mwake ulikuwa umezibwa na tope. Nikauvuta wavu, nikauweka kando. Maji meusi yakaruka kwenda mtoni, na ndani yake nikaona migongo midogo inapita. Niliporudisha wavu sikujua wangapi wameshakwenda. Nikafungulia maji mapya kutoka mferejini, waliobaki wakapona.

Kesho yake mzee Kasimiri, anayekaa bondeni chini yetu, akaja na ndoo.

"Kamwene, Lidia."

"Kamwene, baba."

"Ng'ombe wangu wamekataa kunywa. Mto unanuka. Na samaki huyu, mke wangu kamchota." Ndani ya ndoo alikuwamo sato wa urefu wa kidole kimoja. "Mto huu hauna samaki wa namna hii. Wa kwenu au wa Masumbuko?"

Masumbuko ana bwawa juu yetu. Nilisema sijui.

Kamati ya maji ikaitisha kikao wiki iliyofuata. Mama Oktavia alikuwa ametoka hospitali siku mbili kabla, amejifunga khanga mbili kwa baridi. Mzee Kasimiri alitaka mfereji wa bwawa uzibwe.

"Samaki wake wanakula dagaa wa Nyasa," alisema, "wajukuu wangu wanakula mboga za majani. Halafu mabaki ya karamu yao tunywe sisi."

Watu wakacheka. Mama Oktavia hakucheka.

"Mzee, mwaka jana nani alikuletea samaki ulipougua? Mimi maji machafu siyajui. Bwawa langu lina wavu. Muulizeni Masumbuko."

Masumbuko akasimama, akaanza kuapa kwa majina ya watoto wake. Mama akanitazama mimi nithibitishe. Mfereji ukizibwa bwawa linakauka, na yeye ana mwili wa kuugua bado, hawezi jembe. Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba Masumbuko naye ana bwawa moja tu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliutoa wavu. Nililisha kupita kiasi, mabaki yakaoza."

Mama akaangalia chini.

Rodrick, bwana samaki wa wilaya, aliyeitwa kikaoni, akaniuliza nililishaje. Nikamweleza yote. "Kwenye baridi sato hali sana," akasema. "Ukiona anabakiza, punguza, hata uache. Ulichomwongezea ni sumu." Kisha akamgeukia mzee. "Hapa juu pengine baridi itawazuia wasizaane. Lakini mto huu unashuka Usangu, kwenye joto. Kule kuna perege wa asili, ndugu zao. Sato wakizaana nao, wale wa asili wanapotea. Hatuwezi kuwaita warudi."

Mwenyekiti akauliza, "Maji yenyewe ni sumu kwa mboga?"

"Kwa mboga ni mbolea," bwana samaki akajibu. "Kwa mto ndiyo uchafu."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakaamua mfereji usizibwe. Ila bomba lisimwage tena mtoni, maji yapite kwanza kwenye vinyungu vya mama, zile bustani zake za mboga bondeni. Bomba liwe na nyavu mbili. Dagaa wapungue, viongezwe soya na mashudu. Wakiona sato tena mtoni, mfereji unazibwa bila kikao.

Njiani mama alitembea mbele yangu. Tulipofika alisema tu, "Ungenyamaza, Masumbuko angelia mwaka mzima kwa kosa lisilo lake." Akaniwekea uji.

Jumatatu nilianza kuchimba mfereji wa kwenda kwenye vinyungu. Mzee Kasimiri alikuja akasimama ukingoni, mikono nyuma.

"Wangapi walikwenda?"

"Sijui, baba. Sikuwahesabu."

Alitazama maji ya mto muda mrefu, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kisha akashuka, akanionyesha kwa mguu pale udongo ulipokuwa laini.

"Basi chimba kwa huku," akasema. "Huko kuna mwamba."