Harufu ya Dagaa Stoo

Haya alinisimulia Tionge mwenyewe, Desemba iliyopita, tukichambua maharage kwangu Mzimba.

Alikuwa bado mwanafunzi wa umeme. Mwalimu wake wa ufundi, Bwana Gondwe, alimtuma shule moja ya sekondari kutazama projekta ya darasa jipya iliyokuwa ikivuma na taa zilizokuwa zikipepesa. Walishabadilisha balbu zote, wapi.

Alipofika alimkuta mkuu wa shule, Mwalimu Nyasulu, akimfokea mlinzi, Mzee Masauko.

"Nimekwambia usifiche dagaa stoo! Mitihani yote inanuka. Ijumaa ufungashe virago!"

"Dagaa gani, Mwalimu? Mimi mwezi mzima nakula mboga za majani. Muulize mke wangu anavyonichukia."

Tionge alicheka, akaingia darasani. Watoto sitini walikuwa wameketi. Alichomeka mita ya kupimia kwenye soketi: volti mia mbili thelathini. Jirani, katika ofisi ya walimu, birika la umeme likawashwa. Taa zikafifia, projekta ikaunguruma, mita ikashuka hadi mia mbili na saba. Birika likazimwa, namba ikapanda.

Akaenda kwenye swichi kuu, akaomba birika liwashwe tena. Pale mita haikutetereka.

Basi ubovu ulikuwa njiani, kati ya swichi kuu na darasa. Akaufuata waya kwa macho juu ya ukuta wa ukumbi. Ukaingia stoo.

Humo mlikuwa na mabunda ya mitihani, godoro la Mzee Masauko, na juu yake, darini, kisanduku cheupe ambamo waya wa zamani uliungwa na mpya. Harufu ya dagaa ilimkaba. Hakukuwa na dagaa hata mmoja. Upande mmoja kisanduku kilikuwa cha rangi ya kahawia, na kutoka ndani ilisikika sauti ndogo, kama mafuta yanayochemka. Tionge akamgeukia Mzee Masauko aliyekuwa amemfuata.

"Babu, unalala hapa?"

"Kila adhuhuri, mwanangu. Pana joto zuri."

"Watoe watoto nje. Nazima."

"Mgeni wa wizara anakuja saa sita!" Nyasulu alipiga kelele kutoka mlangoni. "Wewe ni mwanafunzi tu!"

"Ndiyo, Mwalimu. Shika kisanduku basi, uniambie kama ni dagaa."

Nyasulu alinyoosha mkono, akaurudisha haraka kabla ya kugusa, kwa joto.

Tionge alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, ufunguo mfukoni, akampigia simu mwalimu wake. Bwana Gondwe alipofika walipima tena kuhakikisha hakuna umeme, ndipo wakafungua. Skrubu ya waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, ilikuwa imelegea. Plastiki, ambayo ikiungua hunuka kama samaki, imeyeyuka, shaba nyeusi, na ubao wa dari ulioshikilia kisanduku umekuwa mkaa, upana wa kiganja.

"Ilibaki wiki moja pawake moto," Gondwe alisema kwa sauti ya chini. "Labda siku mbili."

Walikata hadi shaba safi, wakaweka kiungo kipya, wakakaza. Birika likawashwa, mita ikatulia.

Nyasulu hakuomba msamaha. Alibeba godoro mwenyewe hadi barazani. Mzee Masauko alilala chali, akaitazama dari muda mrefu, akinusa, akinusa, mpaka usingizi ukamchukua.